Wenye Mimba wa Samuye

Scolastika aliosha ndoo za wodi ya wazazi kwa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtoto. Kwa hiyo msije mkadhani alikuwa binti wa kudekezwa. Alifika hospitali ya misheni pale Shinyanga akiwa na miaka kumi na saba, akapewa brashi, sabuni ya magadi na mlango wa nyuma, na huko nyuma akaendelea kubaki huku wanawake wakijifungua mbele. Alizijua damu za wanawake mia tatu kabla ya kuzijua sura zao. Alipochaguliwa kusomea ukunga, mwaka wa hamsini na nne, alikwenda kuziaga ndoo zile moja moja, tena kwa kejeli, maana moyoni aliapa hazitamwona tena.

Miaka miwili ikapita. Somo la mwisho kabla ya cheti lilikuwa kazi ya mikono yako mwenyewe. Sista Euphrasia, mwalimu wao, mzungu mrefu aliyetembea kana kwamba ameitwa mahali na amechelewa, alimwagiza kila mwanafunzi kuandika mtaala wa darasa la akina mama wajawazito, autafutie kijiji, aufundishe Alhamisi sita, kisha Sista mwenyewe aje Alhamisi ya sita kuona kama wanafunzi wameelewa. Atakayefanikiwa anapata cheti na kituo cha kazi. Atakayeshindwa anarudi wodini kama mhudumu. Sista hakutaja ndoo, lakini Scolastika alizisikia zikigongana.

Akaandika mtaala kwa uchungu, kama neno lenyewe linavyoruhusu. Masomo sita, na kila somo lina lengo, muda, vifaa, njia ya kufundishia na maswali ya kupima mwishoni. La kwanza, kuhesabu siku ya kujifungua na ratiba ya kliniki: kila mwezi hadi mimba ifike miezi saba, halafu kila wiki mbili, na mwezi wa mwisho kila wiki. La pili, chakula. La tatu, dalili za hatari. La nne, maandalizi ya kujifungua, pamoja na wembe na uzi wa kuchemsha, na kinyesi cha ng'ombe kisisogee karibu na kitovu. La tano, kupumua na kulegeza mwili. La sita, mtoto mchanga na maziwa ya kwanza, yale ya manjano ambayo watu huyamwaga kwa kuyaona machafu. Mtaala ulikuwa mzuri. Sista aliusoma, akasahihisha nukta mbili tatu, akasema uende.

Sasa sikilizeni palipoharibika. Katika mtaala mzima Scolastika hakuandika mjamzito. Aliona neno hilo ni la pwani, na watu wa Samuye, ambao Kiswahili wanakivaa siku ya mnada tu, hawatalielewa. Akaandika neno jepesi, mwenye mimba. "Mwisho wa somo hili, kila mwenye mimba ataweza kutaja dalili saba za hatari." Na katika barua aliyompelekea mwanangwa Mihayo, mkuu wa kijiji, akaandika vivyo hivyo: kila mwenye mimba ahudhurie Alhamisi saa nne, katika banda la kununulia pamba.

Mwanangwa Mihayo alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Alisomewa barua, akaomba isomwe tena, akauliza swali moja tu: mwenye mimba maana yake nani? Karani akamjibu kuwa mwenye ni mwenyewe, mwenye mali, kama mwenye ng'ombe, mwenye shamba. Mihayo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu hapo hapakuwa na fumbo. Mjumbe wake akazunguka mji kwa mji, kila boma, akitangaza kwa Kisukuma kwamba serikali ya hospitali inawaita wenye mimba wote, na asiyefika atajieleza.

Alhamisi ya kwanza Scolastika aliteremka kwenye lori na begi lake, pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto, kipimo cha presha alichoazimwa, na chati za kitambaa alizochora usiku kwa usiku. Banda la pamba lilikuwa tupu, maana mavuno bado, na kwenye magunia yaliyokunjwa waliketi wanaume kumi na wanne. Wengine walikuwa na fimbo. Mzee mmoja, Nkwabi, alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani.

Scolastika aliwasalimu kwa adabu, akaketi pembeni, akangoja kikao chao kiishe. Wao pia wakangoja. Walingojana kwa karibu nusu saa, kila upande ukistahi mwingine, mpaka mwanangwa akakohoa na kumwambia mwalimu aanze, wenye mimba wameshafika wote.

Alidhani amesikia vibaya. Akauliza wanawake wako wapi. Nkwabi, ambaye alikuwa na wake wawili na wote wawili walikuwa na nda, yaani tumbo, alimweleza polepole kama mtu anayeongea na mgeni.

"Mwanangu, mimba ni ya nani? Ng'ombe kumi na nane nilitoa mimi. Mwanamke ameibeba tu, kama anavyobeba kuni zangu. Ukiitisha wenye kuni, atakuja yeye au nitakuja mimi?"

Wengine wakaitikia kwamba hapo Nkwabi hajakosea kitu. Scolastika alijaribu kuomba wawatume wake zao. Wakashangaa kwa dhati kabisa. Mwanamke mwenye heshima hasemi kwamba ana mimba, wala hatembei njiani mchana kwenda kukaa mahali ambapo kukaa tu ni kusema. Watu wenye macho mabaya wako kila kichaka. Huku kwetu mimba inaonekana lakini haitajwi, mpaka mtoto aanze kulia mwenyewe na kumaliza ubishi. Habari za kikao husikilizwa na mwanaume, naye huzipeleka nyumbani. Ndivyo walivyopokea habari za kodi, za chanjo ya ng'ombe na za kuchoma mabua ya pamba. Kwa nini hii ya mimba ibebwe tofauti?

Akafikiri haraka. Lori halikuwa na safari nyingine ya kwenda kijiji kingine, na Alhamisi zilikuwa sita tu, nazo lazima zifuatane. Akajiambia kwamba ujumbe ukipita kwa mume bado ni ujumbe. Akajiambia mengi mengine ambayo mtu hujiambia akisikia ndoo zinagongana. Kisha akatundika chati ya kwanza.

Somo la kwanza nusura limuue kwa aibu. Mtaala ulisema mwalimu amwulize kila mwenye mimba siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, waongeze siku saba, kisha wahesabu miezi tisa mbele. Swali lilikuwa limeandikwa, na Sista alisema maswali yaulizwe kama yalivyoandikwa. Scolastika akauliza akitazama paa. Athanas, katekista, mtu aliyependa kujibu kwanza kanisani na popote pengine, akainuka akasema kwa unyofu kwamba yeye hajawahi. Wa pili naye hajawahi. Nkwabi alifikiri sana, akasema labda alipokuwa mtoto, hakumbuki. Ilibidi mwalimu afafanue, na alipofafanua wanaume watatu walitoka nje kwenda kutazama hali ya mawingu.

Walirudi. Sifa moja ya watu wa Samuye ni kwamba wakianza jambo hawaliachi. Kwa kuwa hawakuwa na tarehe za wake zao, walitafuta njia nyingine: mmoja alihesabu kuanzia siku aliyorudi kutoka mnadani Kahama, mwingine kuanzia palizi ya pili ya mtama. Bujiku, kijana aliyekuwa amerudi kutoka kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, alitoa tarehe kamili bila kusita, kwa sababu ilikuwa siku moja baada ya kupewa likizo. Scolastika alimpenda Bujiku papo hapo, kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayejibu.

Kuanzia hapo darasa likapata moto. Banda lilikuwa na mizani ya kupimia pamba, na mtaala ulisema kila mwenye mimba apimwe uzito kila anapohudhuria. Basi walipimwa. Scolastika aliwaeleza kwamba miezi ya mwisho mama huongezeka kama ratili moja kwa wiki, na Alhamisi iliyofuata wote walikuwa wameongezeka. Athanas ameongezeka mbili. Alipongezwa sana. Nkwabi akadai apimwe mara mbili, kwa kuwa mimba zake ni mbili, na aliposhuka mara ya pili akasikitika kwamba ile ya mke mdogo haijaongeza kitu.

Somo la chakula lilileta ugomvi, maana Scolastika alisema mwenye mimba ale mayai, na mila inamkataza mjamzito mayai asije akazaa mtoto asiye na nywele. Walibishana saa nzima. Mwishowe wakakubaliana kwamba kwa kuwa mwalimu amesema mwenye mimba, basi mayai watayala wao. Na wakayala. Kwa wiki tatu kuku wa Samuye walitagia wanaume.

Mnaocheka, chekeni. Lakini Scolastika hakucheka. Kila Ijumaa alimwandikia Sista taarifa: wanafunzi kumi na wanne, mahudhurio kamili, wanauliza maswali mengi, wanapenda kupimwa. Neno kwa neno ilikuwa kweli. Sista akarudisha taarifa zikiwa na maneno ya wino mwekundu: vizuri sana. Mara mbili alianza kuandika kwamba wote ni wanaume, na mara mbili akaichana karatasi. Alikuwa anaogopa, basi, wala sitamfichia. Ukishakaa miaka minne kwenye mlango wa nyuma, hutaki mtu yeyote akuonyeshe mlango.

Kitu kimoja alikifanya. Kila mwisho wa somo aliwauliza kama wanawaambia wake zao. Wote walijibu kwa pamoja, "Tutawaambia." Aliridhika. Hakuisikia ile "tuta", ya wakati ujao. Sisi tulio nje tunaisikia, lakini yeye alikuwa amechoka.

Bujiku ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Kule mgodini alizoea mambo ya zamu, king'ora, na ubao wa hatari uliotundikwa kwenye mdomo wa shimo, hivyo somo la tatu alilishika mara moja. Alizikariri dalili saba kwa mpangilio, akazisema mbele na nyuma, akawasahihisha wenzake. Mkewe, Philomena, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa hesabu ya ile likizo alikuwa anaingia mwezi wa tisa.

Alhamisi ya sita ikafika. Sista Euphrasia alikuja na gari la misheni, amevaa kofia ya jua juu ya shela, na daftari la alama kwapani. Scolastika alikuwa amepanga kumpokea barabarani na kumweleza polepole. Lakini Sista, kama nilivyosema, alitembea kama aliyechelewa, akaingia bandani moja kwa moja, na bandani lilikuwa linaendelea zoezi la marudio la somo la tano. Wanaume kumi na wanne walikuwa wamelala kwa ubavu wa kushoto juu ya magunia, goti la juu limekunjwa, macho yamefungwa, wanavuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Watano walikuwa wamelala usingizi kweli. Nkwabi alikuwa anakoroma.

Sista akasimama. Akatazama huku na huku. Akamuuliza Scolastika kwa sauti ndogo sana akina mama wako wapi.

"Hawa ndio wenye mimba, Sista," Scolastika alijibu, na hapo ndipo alipoisikia sentensi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Wazungu wengine wangepiga kelele. Huyu aliketi juu ya mizani ya pamba, kwa kuwa hapakuwa na kiti, na mkono wa mizani ukapanda ukaonyesha uzito wake mbele ya watu wote, na Athanas kwa mazoea akausoma kwa sauti. Sista akafungua daftari. Akasema amekuja kupima, basi atapima. Akamnyooshea kidole yule aliyekuwa macho kuliko wote, na huyo alikuwa Bujiku. Akamwambia ataje dalili za hatari.

Bujiku alisimama wima kama mtu anayeitwa jina kwenye mlango wa mgodi.

"Dalili za hatari ni saba. Ya kwanza, kutoka damu. Ya pili, maji kutoka kabla ya uchungu. Ya tatu, homa kali. Ya nne, mtoto kuacha kucheza. Ya tano, kichwa kuuma sana, hakisikii dawa. Ya sita, macho kuona giza au nyota. Ya saba, uso na mikono ku..."

Nkwabi, aliyekuwa ameamka, akamnong'oneza kwamba ni kuvimba. Bujiku hakumsikia. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Bangili zake," akasema. "Toka juzi hazitoki."

Sista akauliza bangili za nani.

"Na leo asubuhi amefunga kichwa kwa kitambaa. Akaniambia moto wa jikoni anauona mara mbili. Nikamwambia asinicheleweshe, nina mtihani."

Akatoka mbio. Hakuaga wala hakuchukua fimbo yake. Scolastika alinyakua begi akamfuata, Sista akafuata nyuma yao ameshika kofia, na nyuma ya Sista wenye mimba wengine kumi na watatu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia zoezi limekwisha.

Philomena walimkuta ameketi mlangoni anabangua karanga kwa kupapasa, haziangalii. Uso wake ulikuwa umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Scolastika alipiga magoti, akafunga kipimo cha presha mkononi mwake, akasukuma hewa, akasikiliza. Alisoma namba mara mbili kwa kutumaini amekosea. Kisha akampa Sista asikilize, na Sista akaanza kukunja mikono ya kanzu yake.

"Mayu," Scolastika alimwambia Philomena, akimwita mama kwa Kisukuma, "mumeo alikwambia nini kuhusu kichwa kuuma?"

"Kichwa?" Philomena alishangaa. "Hajaniambia kitu. Kila Alhamisi anatoka. Nikimwuliza anakwenda wapi, ananijibu anakwenda kwenye mimba."

Bujiku alikuwa amesimama pale na machozi yanamtoka bila yeye kujua. Alisema alikuwa anangoja somo liishe, amwambie yote kwa pamoja, kwa sababu habari ya nusu haipelekwi nyumbani. Scolastika akageuka akawatazama wengine mmoja mmoja. Athanas akatazama chini. Nkwabi akasema yeye pia alikuwa anangoja, tena yeye ana wa kuwaambia wawili. Hakuna hata mmoja aliyesema neno nyumbani kwake kwa wiki sita. Scolastika alihisi kama mtu aliyemwaga maji mchangani tangu asubuhi mpaka jioni.

Walimlaza Philomena nyuma ya gari kwa ubavu wa kushoto, na kwa kuwa wanaume kumi na wanne walijua ubavu huo kuliko chochote, alilazwa vizuri sana. Njia nzima hadi Shinyanga Scolastika alimshika mkono, na Bujiku, mbele karibu na Sista, alirudiarudia dalili saba kwa sauti kama anayesali rozari, mpaka Sista akamwomba ajaribu kusali kweli.

Hospitalini mkojo wa Philomena ulichemshwa kwenye chupa nyembamba, ukageuka mweupe mzito kama ute wa yai. Wakamlaza katika chumba cha giza na kimya, wakampa dawa ya usingizi asije akashikwa na degedege. Nje, Bujiku alikataa kuondoka kwenye ngazi. Mhudumu alipomwuliza mgonjwa wake nani, alijibu mimba ni yake, na yule mhudumu akatembea hospitali nzima kutafuta mtu wa kumsaidia kuandika jambo hilo. Siku ya tatu presha ilipotulia kidogo, daktari aliona si vema kungoja zaidi, akapasua chupa ya uzazi ili uchungu uanze. Jioni ile akazaliwa msichana wa ratili tano na ushei, akalia kabla hajaombwa. Aliyempokea alikuwa Scolastika.

Sista alimwita ofisini siku iliyofuata. Taarifa tano za wino mwekundu zilikuwa zimepangwa mezani.

"Ungeandika neno moja tu, wanaume, ningekuja wiki ya kwanza," alisema Sista.

Scolastika hakujitetea. Alisema aliogopa ndoo. Sista hakuelewa, akamtaka aeleze, na Scolastika akaeleza yote, miaka minne, brashi, mlango wa nyuma, akilia kwa hasira zaidi ya huzuni. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mtaala ni mzuri, ila haujafundishwa bado. Atampa Alhamisi sita nyingine. Lakini Alhamisi ya kwanza atakwenda naye, na asipowaona wajawazito kumi na wawili kwa macho yake, shauri litaishia hapo bandani.

Usiku ule Scolastika aliketi na daftari akajaribu maneno. Mjamzito hawatalijua. Mwenye tumbo, watakuja wenye minyoo. Anayetarajia, atakuja kila mtu aliyepanda pamba. Asubuhi akaenda kumwona Philomena, ambaye uso wake ulikuwa umerudi na mtoto amelala juu ya kifua chake, akamwuliza angeitwa kwa neno gani ndipo angekuja.

Philomena alifikiri kidogo. "Mngesema tu wanawake waje," alijibu. "Sisi wenyewe tungejua ni nani."

Barua ikaandikwa hivyo. Mwanangwa Mihayo alifadhaika, akatuma mtu kuuliza ni wanawake wa nini. Akajibiwa, wanawake tu. Nkwabi na wenzake walilalamika kwamba wao wameshahitimu na kwa hiyo darasa halina haja ya kurudiwa. Bujiku, aliyekuwa amerudi Samuye kuvuna, hakubishana nao. Alikwenda mji kwa mji akaeleza habari za bangili, na kila alipofika kwenye kile kichwa kilichofungwa kitambaa sauti ilimkatika, na hapo wanaume wakaacha kulalamika.

Alhamisi ikafika. Banda lilijaa. Walikuwa wanawake arobaini na mmoja, wote wamejitanda kaniki nyeusi mpaka kidevuni: mabibi wasio na jino, wasichana wasioolewa, wajane, na mmoja aliyekuja na mbuzi. Sista alisimama karibu na mlango na daftari lake. Scolastika aliwasalimu, nao wakamwitikia. Kisha, kwa kuwa lilikuwa ndilo sharti, akawaomba wajawazito wainue mikono.

Hakuna mkono uliopanda. Walimtazama kwa upole mkubwa, kana kwamba amewauliza jambo la nchi nyingine. Bibi mmoja akamwambia kwamba hapa hakuna mtu wa namna hiyo, mwanangu, sisi tumekuja kupumzika tu. Wote wakaitikia. Sista akaandika kitu. Scolastika aliona mkono wake ukitembea juu ya karatasi, mzunguko mmoja tu, kama mtu anayeandika sifuri.

Alifundisha hata hivyo. Alianza na somo la tatu badala ya la kwanza, hakutazama daftari, hakuuliza swali lolote kama lilivyoandikwa. Aliwaambia habari ya kichwa kinachouma, macho yanayoona moto mara mbili, uso unaojaa na bangili zinazobana. Aliwaambia mwanamke akiona hivyo asingoje mume atoke kikaoni. Aliwaambia na hofu yake mwenyewe, wiki sita alizofundisha watu wasio na tumbo huku matumbo yakiwa nyumbani yanabangua karanga, na akawaomba radhi. Bandani alisikika mbuzi tu akitafuna gunia.

Alipomaliza aliwaaga. Akasimama mlangoni kuwapa mkono mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, akijitahidi kutomtazama Sista. Bibi wa kwanza akampa mkono, akapita. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana asiyemjua, akamshika mkono kama wenzake, lakini hakuuachia. Aliuvuta taratibu, akauingiza chini ya kaniki, akaulaza juu ya tumbo lake gumu la mviringo. Ndani, mtoto akapiga teke. Mwanamke alimtazama Scolastika machoni, hakusema neno lolote, akauachia mkono, akaenda zake.

Aliyemfuata alikuwa mke mdogo wa Nkwabi. Naye akafanya vivyo hivyo. Wengine walipita tu, wengine waliuvuta mkono, na hapakuwa na aliyefungua kinywa. Scolastika alihesabu kwa kiganja. Banda lilipobaki tupu alimgeukia Sista na kumwambia kumi na saba, na Sista, ambaye alikuwa ameacha kuandika tangu yule wa tatu, aliifuta ile sifuri.